Kupima urudiaji wa uhalifu: uliza muda kabla ya asilimia

Asilimia 44, 68, na 83. Zote ni za watu walewale: wafungwa wapatao 400,000 walioachiwa mwaka 2005 katika majimbo 30 ya Marekani. Ya kwanza ni waliokamatwa tena ndani ya mwaka mmoja, ya pili ndani ya miaka mitatu, ya tatu ndani ya miaka tisa. Hakuna kilichoharibika katikati. Muda tu ndio ulioongezwa. Aliyekwisha kuhesabiwa hatoki, kwa hiyo asilimia hii haishuki kamwe.

Hatua ya 1: Chagua tukio. Katika kundi hilohilo, kwa miaka mitano, waliokamatwa walikuwa asilimia 77, waliotiwa hatiani 55, waliohukumiwa kifungo kipya gerezani 28. Mimi hupendelea kutiwa hatiani, maana kukamatwa hupima pia bidii ya polisi. Aliyerudishwa ndani kwa kuvunja masharti ya kuachiwa, mfano kutoripoti kwa afisa wake, mwekee safu yake peke yake.

Hatua ya 2: Anza kuhesabu siku aliyotoka, si siku ya hukumu. Aliye ndani hana nafasi ya kuiba mtaani.

Hatua ya 3: Mpe kila mtu muda ule ule. Hapa ndipo wengi huteleza. Tuseme daftari lako linaishia Desemba 31, 2023, na unapima miaka miwili. Walioachiwa 2021 ni 200, na 80 kati yao walikamatwa ndani ya miaka miwili: asilimia 40. Walioachiwa 2023 nao ni 200, na hadi sasa wamekamatwa 30. Ukiwachanganya unapata 110 kwa 400, yaani asilimia 27.5, na bosi wako atashangilia mafanikio ambayo hayapo. Aliyetoka Novemba 2023 hajamaliza hata miezi miwili uraiani! Waondoe wa 2023 kwenye hesabu hii, au walinganishe na wa 2021 kwa miezi ambayo kila mmoja wao ameshaitimiza.

Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: kundi la karibuni zaidi ndilo linaloonekana bora kila unapotoa ripoti, na ukilirudia mwaka unaofuata namba yake imepanda.

Hatua ya 4: Subiri mahakama. Kosa la mwezi wa kumi na moja huenda likahukumiwa mwaka unaofuata. Uingereza na Welisi hufuatilia kosa kwa mwaka mmoja, kisha huongeza miezi sita ili kesi ziishe. Ukifunga daftari mapema, miezi ya mwisho itaonekana mitulivu kuliko ilivyokuwa.

Hatua ya 5: Andika tukio na muda kando ya kila asilimia. Watu hupenda kuweka 20 ya Norwei ubavuni mwa 68 ya Marekani. Ile ya Norwei ni waliohukumiwa upya ndani ya miaka miwili. Ya Marekani ni waliokamatwa ndani ya mitatu. Huenda Norwei inafanya vizuri zaidi, ila pengo hilo la 48 si kipimo chake.