Somo: Kunakili barua ya mkono iliyofifia, na kuamua neno gani litiwe alama

Somo hili ni la barua ya ukurasa mmoja au miwili, ya kalamu ya wino, ambayo sehemu kubwa bado inasomeka ila maneno kadhaa yamebaki kivuli. Barua za namna hii zina hatari yake: jicho likikosa herufi mbili, akili huzijaza papo hapo, nawe ukaapa umezisoma. Hatua zote zilizo hapa chini zinalenga kutenganisha ulichokiona na ulichokijaza.

Hatua ya 1: Picha kwanza, barua irudi bahashani

Skani kwa rangi, dpi 600, uhifadhi kwa TIFF. Usiskani kwa nyeusi na nyeupe hata kama wino unaonekana mweusi, kwa sababu rangi ndiyo utakayoihitaji baadaye. Kisha piga picha nyingine barua ikiwa mezani, taa ikiwa ubavuni, chini kabisa karibu usawa wa karatasi. Mwanga wa pembeni huonyesha michirizi iliyobonyea pale nibu au kalamu ya risasi ilipokandamiza, hata wino ukiwa umekwisha. Piga na upande wa nyuma vilevile.

Usilowanishe karatasi, usiipake kitu chochote "kuamsha" wino, na usiipigie pasi kunyoosha mikunjo.

Ukiwa na GIMP, fungua picha, nenda `Colors > Components > Decompose`, chagua `RGB`. Utapata tabaka tatu za kijivu. Wino wa kahawia (mara nyingi ni ule wa zamani wa chuma, ulioandika mweusi ukageuka kahawia kwa miaka) huonekana vizuri zaidi kwenye tabaka la `blue`. Wino wa buluu huonekana zaidi kwenye `red`, na wa zambarau kwenye `green`. Kasoro moja: madoa ya manjano ya karatasi nayo hukolea kwenye `blue`, kwa hiyo penye doa linganisha tabaka zote tatu kabla ya kusema "hapa pana herufi". Ongeza ukolezi kwa `Colors > Curves` kidogo kidogo. Ukizidisha, chembechembe za karatasi zinaanza kufanana na nukta za i na j.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha ya herufi za mwandishi huyo

Tafuta sehemu zinazosomeka bila shaka. Kata kutoka humo mfano wa kila herufi, mitatu mitatu ikiwezekana: mwanzoni mwa neno, katikati, na mwishoni. Bandika kwenye ukurasa mmoja. Angalia hasa zile zinazochanganyikana: u na n, m na w, a na o, e na i isiyo na nukta, f na j, na tarakimu 1 na 7.

Hapa kuna jambo linalowapita wengi. Kalamu ya kuchovya huacha wino mwingi inaposhuka na wino mchache inapopanda au kwenda pembeni. Kwa hiyo michirizi ya kupanda ndiyo hufifia kwanza. Herufi u na n zinabaki vijiti viwili vilivyosimama tu, na m inabaki vijiti vitatu. Herufi t inapoteza kijiti chake cha kulala, na f inapoteza kitanzi cha juu. Maana yake ni kwamba kutokuona kitu si ushahidi kwamba hakikuwapo. Ukiona kijiti kirefu kisicho na kitanzi, usikimbilie kusema "basi si f".

Hatua ya 3: Nakala ya kwanza, bila kutafuta maana

Andika mstari kwa mstari kama ulivyo kwenye barua, usiunganishe mistari. Penye herufi usiyoiona weka nukta moja kwa kila herufi unayokadiria. Neno lililobaki *b.r.a* liandike hivyo hivyo. Ukimaliza, rudia kuanzia mstari wa mwisho kwenda wa kwanza. Kusoma kinyumenyume kunavunja mtiririko, na akili haipati nafasi ya kukisia neno linalofuata.

Mwanzo wa barua ndio mahali pa kuwa macho zaidi, ajabu yake ni kwamba unaonekana rahisi. Salamu na "nimeipata barua yako" tumezizoea mno, hivyo ukiona *sij.ipata* utasoma "nimeipata" na kusonga mbele. Mwandishi alikuwa analalamika kwamba hajaipata.

Hatua ya 4: Alama nne, si zaidi

Neno ambalo herufi zake zote zinaonekana, au zile zinazokosekana haziwezi kuwa kitu kingine, liandike wazi. *B.rua* haina mjadala.

Neno lenye usomaji mmoja unaoelekea, lakini mwingine unawezekana: `[neno?]`.

Maneno mawili yanayolingana nguvu: `[neno / neno]`.

Lisilosomeka kabisa: `[... herufi 5 hivi]`. Karatasi ikiwa imechanika andika `[imechanika]`, kwa kuwa wino uliofifia unaweza kusomeka siku nyingine kwa taa nzuri zaidi, ila kipande kilichopotea hakitarudi.

Mpaka kati ya kuandika wazi na kutia alama uamue kwa swali moja: je, badiliko la herufi moja linazaa neno jingine lililo sahihi mahali hapo? Kiswahili hakisamehe hapa, maana herufi moja hubeba nafsi au ukanushi. *Atakuja* na *hatakuja* zinatofautiana kwa herufi ya kwanza tu, na h iliyofifia mwanzoni mwa mstari ni rahisi kuikosa. *Yako* na *yake* zinatofautiana kwa kitanzi kimoja kidogo. Majina ya watu, mahali, tarehe na fedha yana sheria kali zaidi: herufi au tarakimu yoyote isiyoonekana hutiwa alama, hata ukijiona una hakika.

Mfano uliofanyiwa kazi

Mstari uliobaki hivi: *Mzee aliku.a juzi na vitu vyake vyote viko kwa Hamisi.* Herufi inayokosekana ina mkia unaoshuka chini ya mstari. Kwa hiyo ni *alikuja* au *alikufa*.

Juu ya mkia hakuna kitanzi, na nukta pia haionekani. Kama tulivyosema, kitanzi cha f ni mchirizi wa kupanda, na nukta ya j ni mguso mwepesi, kwa hiyo vyote viwili vingeweza kupotea. Kipimo bora ni mkia wenyewe. Katika mwandiko wa kuunganisha unaofundishwa shuleni, mkia wa j hujikunja kushoto na wa f hujikunja kulia. Kwenye orodha ya herufi za mwandishi huyu kanuni hiyo inashikilia. Lakini mkia wa neno hili umeangukia kwenye mkunjo wa karatasi, na nyuzi zimekatika pale pale unapogeuka. Mwanga wa pembeni, upande wa nyuma, unaonyesha mbonyeo mfupi unaoelekea upande wa j, karibu milimita moja.

Mistari mitatu chini pana *Mungu amre....* Mkono unakimbilia kuandika *amrehemu*, na hapo mzee atakuwa amekufa. Lakini baada ya e kuna kijiti kinachoshuka chini ya mstari, na h ya mwandishi huyu haishuki kamwe. *Amrejeshe* inafaa kwa umbo. Je, hilo linathibitisha *alikuja*? Hapana, kwa sababu "am-" inaweza kumhusu mtu mwingine aliyetajwa katikati. Ni ushahidi unaosaidia tu.

Uamuzi: `Mzee [alikuja?] juzi`, na tanbihi: "Herufi ya sita imeharibiwa na mkunjo. Mbonyeo nyuma ya karatasi unaelekea j. *Alikufa* haijaondolewa." Kwenye mstari wa chini: `[amrejeshe?]`. Ushahidi wa mstari mmoja usiuingize kimyakimya kwenye maandishi ya mstari mwingine. Weka kwenye tanbihi, msomaji aupime mwenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Neema): Shukrani kwa somo. Sina skana, simu inatosha?

Jibu: Inatosha ukiiweka juu ya vitabu viwili ili isitikisike, ukazima flashi, na ukapiga karibu kwa vipande vinavyopishana kidogo. Zima pia hali ya "hati" kwenye kamera, kwa sababu inafuta kijivu chepesi ikidhani ni uchafu, na kijivu hicho ndicho wino wako.

Swali (Salim): Mwandishi ameandika "nakusarimu". Nitie alama ya kuuliza?

Jibu: Hapana, kama r inaonekana wazi. Alama ya kuuliza ni ya macho yako, si ya tahajia yake. Iache "nakusarimu", na ukiogopa msomaji atadhani umekosea, weka `[hivi]` baada yake mara ya kwanza tu. Usiisahihishe, maana l na r hueleza namna alivyotamka.

Swali (Bi Rehema): Bibi yetu anasema anakumbuka barua hiyo ilisomwa kwa sauti, na neno ni "alikufa". Tumfuate?

Jibu: Kauli yake ina thamani, iandike kwenye tanbihi kwamba ni kumbukumbu ya aliyesikia. Maandishi yabaki na kile karatasi inachoonyesha. Na siku nyingine, mwonyeshe mtu picha kabla hujamtajia maneno yenyewe. Akishasikia *alikufa / alikuja* hatasoma tena, atachagua.

Swali (Kassim): Mabano yamejaa, familia inalalamika haisomeki.

Jibu: Tengeneza nakala mbili. Ya kwanza ina kila kitu. Ya pili, ya kusomwa, unganisha mistari, ondoa nukta na tanbihi, ila bakiza alama kwenye majina, fedha, tarehe, ukanushi, na neno lolote linalogeuza habari. Mstari ukiwa na maneno matano mfululizo yasiyosomeka, weka pengo moja badala ya makisio matano.

Swali (Salim tena): Tunaweka nakala kwenye hifadhi ya kidijitali inayotumia TEI, ule mfumo wa kutia alama maandishi kwa XML. Alama hizi zinahamaje?

Jibu: Zinahama moja kwa moja. Mifano mitatu:

```
<unclear reason="faded">amrejeshe</unclear>
<gap reason="illegible" quantity="5" unit="chars"/>
<choice>
  <unclear cert="high">alikuja</unclear>
  <unclear cert="low">alikufa</unclear>
</choice>
```

Usomaji unaoelekea zaidi upe `cert="high"`. Ikiwa yanalingana, yape yote mawili `cert="medium"`.