Somo: Kuandika tangazo la projekta ili mnunuzi wa Tukuyu au Makambako asilipe nauli bure

Wanakundi, habari za kazi. Matangazo mengi ya projekta ninayoona hapa Mbeya yana picha moja na maneno "iko vizuri, njoo inbox". Mtu wa Mwanjelwa anaweza kupanda bajaji akaja kuiona. Wa Tukuyu, Makambako au Tunduma atalipa basi kuja na kurudi, na akikuta mwanga hautoshi ukumbi wake, siku yake imeisha. Nataka tuandike tangazo ambalo mtu huyo akilisoma kwake anajua kama mashine inamfaa au haimfai.

Nitatumia projekta moja tangu mwanzo hadi mwisho: Epson EB-X05 iliyotumika, saa za balbu 2,900.

Hatua ya 1: Iwashe nusu saa kabla ya kuandika chochote

Kabla ya kuiwasha, fungua kifuniko cha filta. Ikiwa imejaa vumbi, isafishe kwa brashi laini, maana feni inavuta hewa kupitia hapo. Kisha iwashe, iache iwake nusu saa huku imeonyesha ukurasa mweupe mtupu. Mashine yenye joto kupita kiasi hujionyesha ndani ya muda huo: feni inapiga kelele, taa ya onyo inawaka, au inajizima yenyewe.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo wauzaji wengi hawaligusi. Epson wanaelekeza kuwasha High Altitude Mode ukiwa juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, Iringa nayo imepita 1,500, na Njombe iko juu zaidi. Hewa ya milimani ni nyepesi, kwa hiyo inabeba joto kidogo kutoka kwenye balbu hata kama baridi ya Juni inakung'ata vidole. Ukiwasha mpangilio huo, feni inazunguka kwa kasi zaidi kufidia. Kwenye menyu fuata njia hii:

```
Extended > Operation > High Altitude Mode > On
```

Kelele ya feni itaongezeka. Iandike kwenye tangazo, ili mnunuzi asidhani feni ni mbovu. Mnunuzi wa Dar akiichukua ataizima tu.

Hatua ya 2: Mwanga

Andika lumeni za kiwandani, kisha useme balbu imetumika kiasi gani. EB-X05 ikiwa mpya inatoa lumeni 3,300. Balbu za aina hii hupoteza mwanga kadiri zinavyotumika, na maisha ya balbu yanayoandikwa na kiwanda kwa kawaida ni muda wa kufika karibu nusu ya mwanga wake wa mwanzo. Kwa mashine hii muda huo ni saa 6,000 kwa matumizi ya kawaida. Ikiwa na saa 2,900 iko karibu katikati, hivyo mimi ningekisia imebaki na robo tatu ya mwanga, yaani kama lumeni 2,450. Andika wazi kwamba ni makisio.

Sasa zile projekta ndogo za LED zilizoandikwa "9000 lumens" kwenye boksi. Usinakili namba hiyo. Geuza mashine usome wati kwenye lebo. Balbu ya EB-X05 ni ya wati 210, nayo inatoa 3,300 tu. Kijimashine kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa mara tatu yake. Kama hakuna neno ANSI au ISO mbele ya namba ya lumeni, andika hivi: "Lumeni halisi hazijulikani, picha inaonekana vizuri gizani kwa upana wa mita moja na nusu," au upana wowote uliojaribu mwenyewe.

Hatua ya 3: Pikseli

Hapa kuna namba mbili na wauzaji wanaandika ile kubwa. Moja ni pikseli ambazo mashine yenyewe inazo. Nyingine ni picha kubwa kuliko zote inayoweza kuipokea na kuipunguza. EB-X05 ina pikseli 1024 kwa 768, yaani XGA. Ukiichomeka kompyuta iliyowekwa 1920 kwa 1080 itapokea bila shida, lakini inachotoa ukutani ni kile kile cha XGA. Andika "XGA 1024x768 halisi". Usiandike "Full HD".

Umbo la picha ni nne kwa tatu, la runinga za zamani. Kwa slaidi za darasani na maneno ya nyimbo linafaa sana. Kwa sinema na mpira, picha itakuwa na mistari myeusi juu na chini.

Hatua ya 4: Saa za balbu

Ingia kwenye menyu ya Info, soma Lamp Hours, piga picha ya skrini hiyo ukiwa umeikaribia hadi tarakimu zisomeke. Weka picha hiyo kwenye tangazo. Sema pia kama balbu ni ile ya kwanza au imebadilishwa, na kama imebadilishwa, ni ya kiwandani au ya kuiga. Balbu ya mashine hii inaitwa ELPLP96. Andika jina hilo ili mnunuzi aulizie bei ya mpya kabla hajakubaliana nawe. Kama ilitumika zaidi kwenye ECO, taja, maana mpangilio huo hupunguza mwanga kwa zaidi ya theluthi moja na balbu hudumu zaidi.

Hatua ya 5: Matundu

Chomeka kila tundu ujaribu, kisha orodhesha yaliyofanya kazi. Hii ina HDMI moja, VGA moja, USB mbili za aina tofauti, tundu la njano la video na mawili ya kuingizia sauti. Tundu la kutolea sauti haina, na spika yake ni ndogo mno. Kanisa lenye mixa litalazimika kuchukua sauti moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa hiyo litajwe mapema. Na usiandike "inasoma flashi" kwa sababu tu umeona tundu la USB.

Hatua ya 6: Chumba kinachoifaa

Wengi wanaandika "inafaa ukumbi mkubwa" na kuishia hapo. Tupige hesabu.

Kila projekta ina uwiano wa umbali na upana wa picha. Wa EB-X05 ni kati ya 1.48 na 1.77, kutegemea umezungusha zumu wapi. Gawanya umbali kwa uwiano, unapata upana. Ukiiweka mita 4 kutoka ukutani na zumu ikiwa wazi kabisa:

```
4 / 1.48 = 2.70   (upana, mita)
2.70 x 3 / 4 = 2.03   (kimo, mita)
2.70 x 2.03 = 5.48   (eneo, mita za mraba)
2450 / 5.48 = 447   (lumeni kwa mita ya mraba)
```

Mstari wa mwisho ndio unaosema chumba gani. Kwa uzoefu wangu, 400 hadi 500 inatosha chumba chenye mapazia yaliyofungwa na taa za mbele zimezimwa. Kwenye darasa lenye madirisha wazi saa sita mchana maandishi yatafifia. Ukipunguza picha hadi upana wa mita 2, eneo linashuka hadi mita 3 za mraba, na mwanga unapanda kupita 800. Ndiyo maana mashine ile ile inaonekana hafifu ukumbini na kali ofisini.

Kwa umbali wa kukaa, kanuni ya kawaida ya maandishi ni kimo cha picha mara sita. Kimo cha mita 2.03 kinamfikia aliyekaa mita 12 nyuma. Akikaa mbali zaidi ataona picha, lakini kusoma aya ya Biblia kutamshinda.

Hatua ya 7: Tangazo lenyewe

"Nauza Epson EB-X05 iliyotumika, ipo Mbeya mjini. Lumeni 3,300 ikiwa mpya. Sasa nakisia 2,450. Pikseli 1024x768 halisi. Balbu ya kwanza, saa 2,900 (picha ya menyu ipo). HDMI, VGA, video na sauti ya kuingia vimejaribiwa; haina tundu la kutoa sauti. Kwa umbali wa mita 4 inatoa picha ya upana wa mita 2.7, inafaa ukumbi wenye mapazia, mtu wa mwisho akae ndani ya mita 12. Haifai darasa lenye jua. High Altitude Mode imewashwa, feni inasikika. Rimoti na waya wa umeme vipo."

Weka picha mbili za ukutani, pazia limefungwa na pazia likiwa wazi, zote zikiwa na maandishi. Kamera ya simu huongeza mwanga yenyewe gizani, hivyo picha ya gizani peke yake hufanya kila projekta ionekane kali.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Iringa:* Fundi, shikamoo. Nimesikia saa za balbu zinaweza kurudishwa sifuri. Nitajuaje?

Marahaba. Ni kweli, menyu ina Reset Lamp Hours, na ipo kwa sababu halali: ukiweka balbu mpya unapaswa kuirudisha sifuri. Kwa hiyo ukiona saa 40 kwenye mashine iliyochakaa, omba boksi au risiti ya balbu mpya. Kama hana, kubaliana bei kana kwamba balbu imekaribia kuisha.

*Mwanachama, Tunduma:* Nataka ya kibanda cha mpira. Hii ya mfano itanifaa, kaka?

Kwa mechi za usiku, ndiyo. Mechi za mchana zitakusumbua isipokuwa kibanda chako ni giza kweli. Hesabu na balbu: zimebaki kama saa 3,100, ukiwasha saa 4 kila siku ni zaidi kidogo ya miaka miwili, na mwanga utaendelea kupungua njia nzima. Kingine, picha ya mpira ni pana, kwa hiyo kwenye upana wa mita 2.7 utatumia kimo cha mita 1.5 tu. Kama bado hujanunua, tafuta yenye 1280x800.

*Mwanachama, Njombe:* Dada yangu ana yenye doa la njano pembeni mwa picha. Aliandike au aache?

Aliandike na apige picha ya ukurasa mweupe. Mwambie kwanza asafishe lenzi na filta, awashe tena. Doa likibaki pale pale hata akibadilisha ukali wa lenzi, tatizo liko ndani, kwenye paneli au vichujio vya rangi, na kulitengeneza mara nyingi hakulipi.

*Mwanachama, Mbeya:* Simu yangu ina USB-C. Nikinunua adapta ya HDMI si itakubali?

Inategemea simu, projekta haihusiki hapo. Simu nyingi za bei ya chini hazitoi video kupitia USB-C, na adapta haiwezi kuzilazimisha. Njoo na simu na adapta yenyewe mjaribu mbele ya muuzaji kabla hela haijatoka.