Somo: Kuweka kibodi ya Kirusi kwenye simu na kompyuta mpakato kwa anayejua herufi za Kilatini tu

Ndugu wanajukwaa, tangu majina ya wanaokwenda kusoma Urusi yaanze kutoka, nimejibu swali hili hili kwa simu, kwa ujumbe, na juzi ndani ya daladala ya Ipogolo nikiwa nimesimama. Naliandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Naanza na simu, kwa kuwa ni rahisi. Kwenye Gboard gusa alama ya gia juu ya kibodi, ingia Languages, kisha Add Keyboard, chagua Russian. Kwenye iPhone ingia Settings, General, Keyboard, Keyboards, kisha Add New Keyboard. Kubadilisha lugha gusa alama ya dunia iliyo karibu na kibonye cha nafasi. Kwenye simu mimi hutumia mpangilio wa kawaida wa Warusi, unaoitwa ЙЦУКЕН kutokana na herufi sita za kwanza za mstari wa juu, kwa sababu herufi unaziona kwenye kioo na huhitaji kukisia. Herufi mbili tu ndizo zinazowapotea watu: ё hupatikana kwa kushikilia е, na ъ kwa kushikilia ь.

Kwenye kompyuta hali ni tofauti, kwa sababu vibonye vyetu vimechapwa Kilatini. Ukiwasha ЙЦУКЕН, kibonye cha f kinatoa а na cha m kinatoa ь, hivyo kilichochapwa juu ya kibonye hakikusaidii chochote. Mpangilio wa fonetiki huondoa tatizo hilo kwa kufuata sauti: k inatoa к, d inatoa д, na l inatoa л. Windows 10 na 11 zinao tayari, kwa jina la Russian - Mnemonic, kwa hiyo hakuna haja ya kupakua programu ya mtu usiyemjua.

Bonyeza Win+I, ingia Time & language, kisha Language & region (kwenye Windows 10 huitwa Language), halafu Add a language, chagua Russian na ubonyeze Next.

Hapa sasa tulia, kwa maana ndipo nilipoharibu mimi. Ukurasa unaofuata una visanduku vya kuweka tiki, na kimojawapo kimeandikwa Set as my Windows display language. Nilikuwa nimeazima kompyuta ya kaka yangu, ambamo anatunza hesabu zake za parachichi, nikakiacha na tiki nikidhani ndicho kinacholeta kibodi. Nilipotoka na kuingia tena, kompyuta nzima ilikuwa Kirusi, kuanzia menyu hadi ujumbe wa kuzima, na mwenyewe alikuwa njiani kutoka Njombe kuja kuichukua. Hakikisha kisanduku hicho hakina tiki. Ondoa pia tiki kwenye Language pack, sauti na mwandiko, kwa kuwa zinakula bando na kibodi haizihitaji. Aliyekwisha kunasa kama mimi abonyeze Win+I, aingie Время и язык, kisha Язык и регион, na kwenye mstari wa Язык интерфейса Windows arudishe English, halafu abonyeze Выйти.

Lugha ikishaingia, Windows huleta ЙЦУКЕН bila kuulizwa. Bonyeza nukta tatu pembeni ya Russian, ingia Language options, kisha Add a keyboard, chagua Russian - Mnemonic. Baada ya hapo ifute ile iliyoandikwa Russian peke yake, la sivyo kila ukibadilisha lugha kwa Win+Space utazunguka kibodi tatu na mara nyingi utaangukia usiyoitaka.

Jambo la mwisho ndilo linalowafanya watu wadhani kibodi imekufa. Kirusi kina herufi 33 na vibonye vya herufi za Kilatini ni 26, kwa hiyo Mnemonic huunganisha vibonye viwili kupata herufi moja: sh ni ш, ch ni ч, zh ni ж, ya ni я, yu ni ю. Kwa sababu hiyo, ukibonyeza s, c, z au y, herufi haionekani palepale; kompyuta inasubiri kibonye kinachofuata ili ijue unataka nini. Tujaribu jina la mji wa Mbeya, ambalo Warusi huliandika Мбея. Bonyeza Shift na m, kisha b na e, utaona Мбе. Bonyeza y, hakuna kinachotokea. Bonyeza a, я inaibuka. Kwenye Танзания utakutana na hali hiyo mara mbili: z inakaa kimya hadi uandike a, ndipo за inatoka kwa pamoja, na mwishoni ya inageuka я.

Maswali ya wanachama

Kijana wa Mafinga: Mkuu, nimeweka ila kibodi mbovu, s haitoki kabisa. Nisaidie haraka.

Mwandishi: Soma aya iliyo juu ya swali lako.

Binti Uyole: Shikamoo kaka. Nimefanikiwa, ila nikiandika восход kwa v-o-s-h-o-d inatoka вошод. Nifanyeje ili с na х zikae pamoja bila kuungana?

Mwandishi: Marahaba, dada. Umeligusa jambo ambalo nililiruka. Kompyuta ikiona s ikifuatiwa na h haina namna ya kujua kwamba wewe unataka herufi mbili, kwa hiyo ilazimishe iachie с mapema. Andika v-o-s-e, utapata восе. Futa ile е kwa Backspace, kisha endelea na h-o-d. Kwa kuwa с imekwisha kutoka, h inasimama peke yake kama х. Fanya vivyo hivyo kwenye схема.

Mzee wa Tukuyu: Ulituharibia mashine. Tangu jana neno langu la siri linakataliwa na nina uhakika nalo.

Mwandishi: Mzee wangu, shikamoo. Somo halikuharibu mashine. Tazama pembeni chini ya kioo cha kuingilia: kama pameandikwa РУС badala ya ENG, unaandika neno la siri kwa Kirusi, na nukta zinazoficha herufi hazikuonyeshi kosa. Bonyeza Win+Space, kisha uandike upya.

Mzee wa Tukuyu: Imefunguka. Samahani kijana.

Fundi Soweto Mbeya: Mimi natumia Linux. Kuna kitu kama hicho?

Mwandishi: Kipo, na hakisubiri, kwa kuwa kila herufi ina kibonye chake, na zile za ziada zimewekwa kwenye vibonye vya alama. Andika hivi kwenye terminali:

```
setxkbmap -layout us,ru -variant ,phonetic -option grp:alt_shift_toggle
```

Utabadilisha lugha kwa Alt+Shift. Amri hii hudumu hadi utoke, na inafanya kazi kwenye X11. Ukiwa kwenye Wayland pitia mipangilio ya kibodi ya mfumo wenyewe. Usijifunze mipangilio miwili ya fonetiki kwa pamoja, maana haifanani, na vidole vitachanganyikiwa.

Binti Uyole: Ya mwisho, kaka. Pale Mwanjelwa nimeona stika za herufi za Kirusi za kubandika kwenye vibonye. Ninunue?

Mwandishi: Zitazame kwanza. Kama stika ya kibonye cha q ina й, hizo ni za ЙЦУКЕН na zitakudanganya kila kibonye. Hifadhi hela yako.