Kuskani negativi na picha za zamani kwa skana ya mezani

Ukifungua bahasha ya studio ya zamani, mara nyingi utakuta vitu viwili: picha zilizosafishwa, na nyuma yake vipande vya negativi ambavyo watu wengi huviacha kwa sababu hawaoni kitu ndani yake. Anza na hizo negativi. Picha ya karatasi ni nakala, na aliyeisafisha aliamua mwenyewe weupe uishie wapi na pembeni pakatwe wapi. Negativi bado ina vyote alivyoviacha.

Nitatumia mfano mmoja: kipande cha negativi ya nyeusi na nyeupe ya milimita 35, picha za harusi ya mwaka 1978, pamoja na picha moja ya karatasi ya sentimita 9 kwa 13 iliyotokana nacho. Bwana harusi amevaa kanzu. Kwenye karatasi kanzu hiyo ni doa jeupe tupu. Kwenye negativi, darizi za shingoni zipo.

Kwanza, hakikisha skana yako ina taa kwenye kifuniko

Skana ya kawaida ya ofisini humulika kutoka chini, mwanga ukagonga karatasi na kurudi. Negativi haifanyi kazi hivyo, kwani inahitaji mwanga upite ndani yake kutoka juu. Skana zenye uwezo huo, kama Epson Perfection V600, zina taa ya pili ndani ya kifuniko, imefunikwa na bamba jeupe la kuskania karatasi. Bamba hilo lichomoe. Likibaki, mwanga wa taa hiyo hautaifikia negativi. Kama kifuniko chako hakina taa, skani picha za karatasi tu. Negativi tafutia mashine nyingine.

Skana hizi huja na kishikio cha plastiki cha kuwekea filamu. Kitumie hata kama filamu inaonekana inalala vizuri yenyewe juu ya kioo. Kazi yake ya kwanza ni kuinua filamu kidogo, pale lenzi ilipopangwa kuona vizuri. Pia filamu ikigusa kioo, hutokea mizunguko ya rangi kama ya mafuta juu ya maji, na hiyo haifutiki baadaye bila kuharibu picha.

Kuipanga filamu

Futa kioo kwa kitambaa cha miwani. Shika negativi kwenye kingo zake, ukiwa umevaa glavu za pamba kama unazo, kisha ondoa vumbi kwa pampu ndogo ya mpira. Usipulize kwa mdomo, maana mate huacha madoa. Kama kuna ukungu, kama ilivyo kawaida kwa negativi zilizokaa miaka mingi Pwani, usiusugue wala usiulowanishe. Utando wa picha wenyewe unaweza kutoka. Filamu inayonuka siki imeanza kuoza: itenge na nyingine na uiskani mapema.

Negativi ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Kwenye V600, unaong'aa unatazama chini, kwenye kioo. Ukiitazama kutoka juu, namba za ukingoni zitakuwa kinyume, na hapo ndipo ilipo sawa. Kama filamu imejikunja, iweke ndani ya bahasha safi ya karatasi chini ya vitabu vizito siku kadhaa kabla ya kuendelea. Iliyojikunja hutoa picha iliyo kali katikati na yenye ukungu pembeni, au kinyume chake.

Kwenye kishikio kuna nafasi tupu upande wa juu. Hapo skana hupima taa yake kabla ya kuanza. Chembe ya vumbi hapo huleta mstari mrefu ulionyooka kuanzia juu hadi chini ya picha. Ukiona mstari wa namna hiyo, safisha hapo kwanza kabla ya kuilaumu filamu.

Kuchagua dpi

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Kwenye boksi la V600 imeandikwa 6400 dpi, yaani nukta 6400 kwa kila inchi, lakini ikipimwa kwa chati ya mistari, undani wanaoupata watu ni wa takriban 1600. Ukiiambia iskani kwa 6400, unapata faili kubwa lenye undani uleule.

Mimi huweka 2400 kwa negativi ya milimita 35. Hesabu yake ni nyepesi: picha moja ina milimita 24 kwa 36, kwa hiyo inatoka na pikseli 2268 kwa 3402, inayotosha kuchapa karibu sentimita 19 kwa 29 kwa 300 dpi. Kwa kijivu cha biti 16, faili ni kama MB 15. Kwa 4800 lingefika MB 62. Usinisadiki tu: skani picha ileile kwa 1200, 2400 na 4800, kuza sehemu ndogo yenye kope au darizi hadi zilingane ukubwa, na ulinganishe. Pale ambapo hatua inayofuata haikuongezei uzi hata mmoja, simama.

Picha ya karatasi haina haja ya namba hizo. 600 inatosha kwa ile ya 9 kwa 13, na 1200 kwa picha ndogo ya pasipoti unayotaka kuikuza. Iskani kwa rangi hata kama ni nyeusi na nyeupe, ili madoa ya njano na wino wa kalamu viweze kutenganishwa baadaye. Nayo migongo yenye mhuri wa studio na mwandiko iskani pia.

Kuskani yenyewe

Kwenye programu ya Epson Scan chagua `Professional Mode`, halafu:

```
Document Type: Film
Film Type: B&W Negative Film
Image Type: 16-bit Grayscale
Resolution: 2400
```

Zima `Unsharp Mask`. Zima pia `Digital ICE`. Kifaa hiki hutafuta vumbi kwa mwanga wa infraredi, na fedha iliyomo kwenye negativi nyeusi na nyeupe huuzuia mwanga huo, kwa hiyo hudhani picha yenyewe ni uchafu na kuichafua. Kwa negativi nyingi za rangi kinafanya kazi vizuri sana, hivyo kiwashe huko.

Ondoa alama kwenye `Thumbnail`, kwa sababu ukataji wa yenyewe hula kingo, kisha bonyeza `Preview`. Chora fremu kwa mkono, ukiacha ukingo mwembamba mweusi.

Sasa fungua histogramu, mchoro wenye umbo la mlima unaoonyesha weusi na weupe wa picha umesambaa vipi. Skana hupenda kusogeza vishale viwili vya mwisho ndani ya mlima ili picha ionekane imekolea, na kufanya hivyo ndiko kunakofuta kanzu kwa mara ya pili. Virudishe nje kidogo ya mlima, pande zote mbili. Picha itaonekana imepauka, na iache hivyo. Kukoleza kutafanyika kwenye nakala. Kwenye harusi yetu, darizi zilionekana baada ya kishale cha weupe kurudi nje.

Hifadhi kama TIFF, na faili hilo usilihariri kamwe. Tengeneza nakala, ikoleze, ondoa vumbi lililobaki, kisha itoe JPEG ya kuwatumia ndugu. Kwenye WhatsApp itume kama hati, kwani ikitumwa kama picha itapunguzwa ukubwa.