Hali ya Kuokoa Betri: Inazima Nini, na Inaficha Ubovu Gani

Hali ya kuokoa betri haiongezi chaji hata kidogo, bali hupunguza matumizi. Huzuia programu zinazofanya kazi chinichini, huahirisha upokeaji wa barua pepe na uhifadhi wa picha mtandaoni, na katika simu nyingi hupunguza pia kasi ya prosesa, hivyo simu huvuta mkondo mdogo. Simu za kawaida na ujumbe mfupi huendelea kuingia, na mtandao ukiwa hafifu, simu bado itautafuta kwa nguvu.

Hapo kwenye prosesa ndipo ubovu hujificha. Betri inapozeeka, ukinzani wake wa ndani, yaani kile kinachouzuia mkondo kupita, huongezeka, na kadiri simu inavyovuta mkondo mkubwa ndivyo volti inavyoporomoka. Tuchukue betri yenye volti 3.6 na ukinzani wa omu 0.3, ndani ya simu inayojizima volti ikishuka chini ya 3.2. Kamera ikivuta ampea 2, volti 0.6 hupotea, zinabaki 3.0, na simu huzimika ingawa kioo kilionyesha asilimia 30. Hali ya kuokoa betri ikiubana mkondo hadi ampea 1, zinabaki 3.3, simu haizimiki, na mwenye simu huamini kuwa betri yake ni nzima.

Ili kuufichua ubovu huo, fuata hatua hizi.

1. Jaza chaji, kisha zima hali ya kuokoa betri, pamoja na mpangilio unaoiwasha yenyewe chaji inapopungua.

2. Tumia simu kama kawaida hadi ibaki na asilimia 30 hivi. Usiipime kwenye baridi kali, kwa sababu baridi huongeza ukinzani hata wa betri nzima.

3. Rekodi video ukiwa umewasha tochi, na uangalie kama asilimia inaruka kwenda chini au simu inazimika ghafla.

4. Ikizimika, ichomeke kwenye chaja na uiwashe. Ikionyesha tena asilimia 20 au zaidi mara tu inapowaka, chaji ilikuwamo, ila betri ilishindwa kuitoa kwa kasi iliyohitajika. Naiamini dalili hii kuliko nyingine zote.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, simu yangu haizimiki, lakini chaji inaisha mapema mno. Je, ni tatizo hilohilo?*

Si lazima, ndugu. Fungua orodha ya matumizi ya betri kwenye mipangilio, kwani huenda programu moja ndiyo inayoimaliza. Ikiwa hakuna inayozidi, yaelekea uwezo wa betri wa kuhifadhi chaji umepungua.

*Je, naweza kuiacha hali hiyo imewashwa daima?*

Unaweza, nayo haidhuru betri. Hata hivyo, ikiwa simu huzimika kila unapoizima hali hiyo, badilisha betri. Na ukiona kioo au kifuniko cha nyuma kinainuka, betri imevimba: acha kuichaji mara moja, usiitoboe, na umpelekee fundi.