Jinsi ya kupanga bei ya pikipiki iliyotumika kabla ya kuiuza mwenyewe

Watu wengi hupanga bei kwa kukumbuka walinunua kwa kiasi gani, wanatoa kidogo kwa ajili ya miaka, kisha wanajumlisha walichotumia kwa fundi. Hesabu hiyo huwa inakosea, kwa sababu mnunuzi hakulipi kwa safari zako wala kwa matengenezo yako. Anapiga hesabu ya kitakachomtoka mfukoni katika miezi michache ya kwanza baada ya kuondoka na chombo. Bei nzuri ni ile uliyoipanga ukiwa umeshaipiga hesabu hiyo kabla yake.

Nitaeleza kwa pikipiki moja niliyomsaidia mteja wangu kuiuza Julai 2024. Ilikuwa ya 125, silinda moja, imetengenezwa 2018, na mwenyewe alikuwa akiendea kazini kila siku. Mita ilisoma kilomita 31,400. Kwenye bei sitataja fedha ya nchi yoyote. Nitatumia namba 100 badala ya bei ya katikati ya soko, nawe utaweka ya kwako.

Hatua ya 1: Hakikisha mita inasema kweli

Anza hapa, kwa sababu namba ya kilomita ndiyo kitu cha kwanza mnunuzi anachouliza. Pikipiki nyingi ndogo zina mita inayozungushwa na waya kutoka gurudumu la mbele. Waya ukikatika, kilomita zinasimama huku pikipiki ikiendelea kutembea. Mwenye pikipiki anaweza kukaa miezi hivyo bila nia mbaya yoyote, kisha akauza kwa kilomita zisizo za kweli.

Kusanya risiti zote za kumwaga oili na uzipange kwa tarehe. Fundi mzuri huandika kilomita kwenye risiti. Za mteja wangu zilikuwa hivi: Januari 2021, 9,800; Januari 2022, 17,600; Januari 2023, 25,300. Kwa hiyo alikuwa anatembea karibu 7,700 kwa mwaka, yaani kama 650 kwa mwezi. Lakini risiti ya Mei 2023 ilisoma 27,100, na ya Septemba nayo ikasoma 27,100. Hakuna anayemwaga oili mara mbili kwa kilomita zilezile. Nikaendelea kupekua, nikakuta risiti ya Desemba ya kubadilisha waya wa mita.

Sasa hesabu inakaa sawa. Kutoka 25,300 hadi 27,100 ni kilomita 1,800, ambazo kwa mwendo wake ni karibu miezi mitatu, kwa hiyo waya ulikatika mwishoni mwa Machi. Kutoka hapo hadi Desemba ni miezi tisa ambayo mita ililala. Miezi tisa kwa 650 ni karibu 6,000. Pikipiki iliyoonyesha 31,400 ilikuwa imetembea kama 37,000.

Kama huna risiti, itazame pikipiki yenyewe. Mpira wa kikanyagio, ncha ya wenzo wa gia, mishikio ya usukani na kiti huchakaa pamoja na mwendo, na ni vigumu kuvificha vyote kwa pamoja. Mita ikisoma 12,000 huku mpira wa kikanyagio umelika hadi chuma kinaonekana, usiiamini hiyo mita, hata kama pikipiki ni yako na uliinunua kwa mtu uliyemwamini.

Mteja aliniuliza kama ni lazima kumwambia mnunuzi kuhusu zile 6,000. Nilimjibu kwamba ni lazima. Mnunuzi anastahili kujua anachonunua. Tena risiti zilezile zinazothibitisha kuwa pikipiki imetunzwa ndizo zinazoonyesha mita ilisimama. Huwezi kumwonyesha nusu yake.

Hatua ya 2: Tenganisha kilichokwisha kufanywa na kinachosubiri

Gawa kumbukumbu za matengenezo mara mbili. Fungu la kwanza ni yaliyofanyika: sahani za klachi mpya Januari 2024, valvu zimerekebishwa, pedi za breki za mbele bado nene. Fungu la pili ni yanayomsubiri mwenye pikipiki ajaye.

La kwanza haliongezi bei, na hapa ndipo wauzaji wengi huumia. Ukibadilisha klachi, umeirudisha pikipiki mahali ambapo soko linadhani ilikuwa tayari, kwa sababu anayenunua pikipiki inayotembea anategemea klachi ishike. Faida yako ni kwamba hatakukata kwa ajili ya klachi. Ukijumlisha kila risiti juu ya bei utafika mahali ambapo hakuna atakayekupigia simu.

Fungu la pili ndilo linalopunguza bei, kwa hiyo likague mwenyewe. Shika cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute kuelekea kwako. Ikiachana na meno kiasi cha kuonyesha nusu ya jino, imekwisha. Ukitaka uhakika, cheni ya 428, inayotumika kwenye pikipiki nyingi za ukubwa huu, mpya ina milimita 254 kwa pingili 20. Ikivuka kama 259 ikiwa imenyooshwa, ibadilishe pamoja na sproketi zote mbili, maana cheni mpya juu ya meno yaliyopinda kama ndoana haidumu. Ya mteja wangu ilisoma 260.

Tairi lina namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. La nyuma lilikuwa 4021, yaani wiki ya 40 ya 2021, na kashata zake zilikuwa zimelika hadi kwenye vinundu vya alama vilivyo ndani ya mifereji. Kubadilisha.

Mwisho, washa injini ikiwa baridi kabisa. Moshi wa bluu usioisha maana yake oili inaungua, na hiyo inaelekeza kwenye ringi au sili za valvu. Usiipashe injini moto kabla mnunuzi hajafika. Anayejua pikipiki atagusa injini kwanza, akikuta moto atajiuliza unaficha nini.

Hatua ya 3: Karatasi zikamilike kabla ya tangazo

Linganisha namba ya fremu na namba ya injini na zile za kwenye kadi ya usajili, herufi kwa herufi, ukiwa umesafisha matope kwa brashi. Kama injini ilishabadilishwa na kadi bado ina namba ya zamani, rekebisha usajili kwanza.

Sipunguzi bei kwa sababu ya karatasi mbovu. Mnunuzi makini hanunui kabisa chombo kisichohamishika jina, na anayekubali kukinunua kwa bei ya kutupa anaweza kuendelea kukitumia kwa jina lako. Mteja wangu alikuwa amemaliza mkopo wake, lakini jina la mkopeshaji lilikuwa halijaondolewa kwenye usajili. Tulisubiri wiki mbili hadi likaondolewa.

Angalia pia kama mwaka wa kutengenezwa na wa kusajiliwa ni mmoja. Pikipiki inaweza kukaa stoo mwaka mzima kabla ya kusajiliwa, na matangazo huchanganya miaka hiyo miwili. Amua unalinganisha kwa upi, ubaki nao.

Hatua ya 4: Soma soko kwa wiki tatu

Wiki zile mbili za kusubiri tulikuwa tumeshaanza kuzitumia. Niliandika matangazo 14 ya aina ileile, mwaka uleule au tofauti ya mwaka mmoja. Nikaondoa matatu: moja lilikuwa pikipiki ileile iliyotangazwa na madalali wawili, moja halikuwa na kadi, na moja ni la duka linalotoa dhamana, ambayo wewe huwezi kuitoa. Yakabaki 11. Niliyapanga kutoka bei ya chini hadi ya juu, na la sita, lililo katikati kabisa, ndilo nililoliita 100. Mengine yalianzia 84 hadi 130. Ukitumia la katikati, yule mmoja anayetaka 130 hakuvuti kwenda naye juu.

Lakini 100 ni bei wanayoomba wauzaji. Uliofaa zaidi ni ufuatiliaji: kila baada ya siku chache nilitazama yapi yamebaki. Baada ya wiki tatu, yaliyoondoka yalikuwa ya 88, 92, 95 na 97. Ya 108, 115 na 130 yalikuwa bado yamening'inia palepale. Nilipiga simu kwa yaliyoondoka, maana tangazo huweza kuisha muda tu. Matatu walisema wameuza. Kwa hiyo nikachukua 95 kama msingi.

Hatua ya 5: Punguza kwa hesabu

Kwa kilomita, sikutumia kanuni ya kichwani. Nilitafuta matangazo mawili yanayofanana karibu kila kitu: la 97 lilikuwa na kilomita 28,000, la 92 lilikuwa na 42,000. Kilomita 14,000 zinagharimu kama 5. Pikipiki nyingi zilizobaki kwenye orodha zilikuwa karibu na kilomita 30,000, na yetu 37,000, kwa hiyo nikatoa 2. Ni kadirio, na matangazo mawili ni ushahidi mdogo, lakini ni bora kuliko kubuni.

Cheni na sproketi zake: 3. Tairi la nyuma: 3. Msingi wa 95 ukashuka hadi 87.

Hapo kuna uamuzi wa kufanya. Cheni iliyokwisha inagonga wakati mnunuzi anaijaribu, na asiyejua sauti hiyo ataidhania injini, atakata mara mbili ya gharama. Tukaibadilisha, na bei ya kutarajia ikapanda hadi 90. Tairi tuliliacha, kwa sababu kila mtu analiona na wengi hupenda kuchagua lao. Tukaliandika wazi kwenye tangazo.

Hatua ya 6: Weka namba tatu, utangaze moja

Tulitangaza 96, tukitarajia 90, na mwisho wetu ukawa 86. Mwisho uandike kwenye karatasi kabla simu ya kwanza haijaingia, kwa sababu ukishasimama mbele ya mtu mwenye fedha taslimu mkononi ni rahisi kushuka bila kujijua. Nafasi kati ya 96 na 90 inatosha kwa maongezi. Ukiiacha kubwa zaidi, tangazo linaingia kwenye kundi lile linaloning'inia.

Watu watano walipiga simu wiki ya kwanza. Wawili walitaja 75 bila kuiona pikipiki. Tuliwaambia waje waitazame, hawakuja. Wa tatu alikuja asubuhi, akagusa injini, akaikuta baridi, akaiwasha mwenyewe. Tulimwekea risiti mezani na karatasi yenye hesabu ya zile kilomita 6,000. Akaomba punguzo la tairi, tukamwonyesha kwamba limeshatolewa. Wakakubaliana 89, na kwenye mkataba wa mauziano tukaandika kilomita zote mbili: inazosoma mita, na tunazokadiria imetembea.