SOMO: Dawa za TB na ini, lini zinasimamishwa na zinarudishwaje

Wadau, naona watu wengi wanaanza dozi ya TB halafu wakiona mkojo mwekundu wanadhani ini limekufa, twende taratibu. Somo hili ni la TB ya kawaida, ile ya miezi 6, sio TB sugu.

Miezi 2 ya mwanzo unameza dawa 4 zilizochanganywa kwenye kidonge kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamaidi na ethambutoli. Tatu za mwanzo ndo zinaweza kuumiza ini, na mkali zaidi ni pirazinamaidi. Ethambutoli haina shida na ini, yenyewe wanaiangalia upande wa macho.

Hatua ya 1: kipimo kabla ya kuanza. Hapa wanachukua damu kuangalia ALT, hiyo ni kemikali inayovuja kwenye damu seli za ini zikiumia. Maabara nyingi mwisho wa kawaida ni kama 40, ila soma karatasi yako. Sio kila mtu anapimwa, lakini kama una hepataitisi B, unakunywa pombe sana, una VVU au ni mjamzito, omba upimwe na urudie kupima kila baada ya muda, maana bila namba ya mwanzo baadaye hamjui kilichopanda ni cha dawa au ulikuja nacho.

Hatua ya 2: jua dalili. Mkojo wa rangi ya machungwa ni rifampisini tu, usiogope. Mkojo mweusi kama soda ya kola, macho ya njano, kutapika, kukosa kabisa hamu ya kula, maumivu chini ya mbavu za kulia, hapo usimeze dozi inayofuata, nenda kliniki siku hiyo hiyo, na vidonge nenda navyo.

Hatua ya 3: kusoma namba. ALT ikipanda kidogo na huna dalili yoyote dawa zinaendelea, hiyo inatokea kwa wagonjwa hata 1 kati ya 5 na mara nyingi inashuka yenyewe. Zinasimamishwa ALT ikifika mara 3 ya kawaida ukiwa na dalili (yaani 120 kama mwisho wa maabara yako ni 40), au mara 5 hata kama unajisikia mzima (200). Macho yakiwa ya njano hawasubiri mpaka ALT ifike huko.

Hatua ya 4: kurudisha. Hapa ndo watu wanapotea. Chukua mfano wa jamaa wa kilo 52, anameza vidonge 3 kwa siku, wiki ya nne anaanza kutapika na macho yanakuwa ya njano, ALT 310. Dawa zote zinasimama, sio kupunguza kidonge kimoja, maana kila kidonge kina zote 4 humo ndani. Anapimwa hepataitisi, anaulizwa pombe, panado na dawa za kienyeji. Baada ya wiki 2 ALT imeshuka 72, chini ya mara 2 ya kawaida, na njano imeisha. Sasa anapewa dawa moja moja, kila moja kidonge chake: rifampisini na ethambutoli kwanza, wiki moja baadaye damu, ALT 58, safi. Inaongezwa isoniazidi, wiki nyingine damu tena, 49. Pirazinamaidi hairudishwi kwa sababu ini liliumia vibaya, hizo 3 zimepita salama kwa hiyo mchawi anajulikana. Bei yake ni muda, bila pirazinamaidi matibabu yanakwenda miezi 9. Ingekuwa ALT imeruka pale ilipoongezwa isoniazidi, basi hiyo ndo ingetolewa na dokta angepanga mchanganyiko mwingine.

MASWALI

*Mdau: Hizo wiki 2 bila dawa TB si inarudi?*
Kwa mgonjwa asiye mahututi wiki chache zinavumilika. Kama TB ni kali, mfano ya ubongo, hawamwachi mikono mitupu, wanampa za muda zisizogusa ini sana kama ethambutoli na levofloksasini.

*Mdau: Mimi napewa na vitamini B6, si inalinda ini?*
Hapana kaka, hiyo inalinda mishipa ya fahamu isichome chome miguuni kwa sababu ya isoniazidi. Kwenye ini haisaidii kitu.

*Mdau: Mama yangu anatapika tu ila macho yako sawa, aache?*
Kichefuchefu cha wiki za mwanzo ni kawaida sana, ila kutapika pekee hakukuambii ni tumbo au ni ini. Mpeleke leo leo apime ALT. Ikiwa kawaida ni tumbo, watamwambia ameze na chakula kidogo au usiku kabla ya kulala, na dozi inaendelea.

*Mdau: Akianza kuchanganyikiwa je?*
Hiyo sio ya kliniki tena, hospitali kubwa sasa hivi. Macho ya njano pamoja na kuchanganyikiwa, kusinzia ovyo au kutokwa damu maana yake ini linashindwa kazi.